Beringi yenye namba iliyofutika: jinsi barua ya kuulizia bei ilivyoandikwa mara mbili kutokana na picha moja

Picha iliingia saa tatu usiku. Beringi imelala juu ya kitambaa chenye grisi, flashi imepiga katikati kabisa pameng'aa, na chini yake fundi wetu kaandika: "Bosi hii imekufa, ni ya mota ya pampu, tafuta mbili kesho asubuhi." Basi. Mimi ndiye ninayeshughulika na manunuzi ya spea kwa hiyo kazi ikawa yangu, na nataka nieleze hii kesi yote kuanzia mwanzo kwa sababu barua ya kwanza niliyoituma ilitugharimu siku mbili pampu imelala, ya pili ikamaliza kila kitu ndani ya mchana mmoja, na tofauti kati ya hizo barua mbili ni ndogo ukiiangalia kwa macho tu ila ukiijua unaiona kila mahali.

Barua ya kwanza haikuwa hata barua. Niliichukua ile picha kama ilivyo nikawatumia wauzaji watatu kwenye Watsapu, nikaandika "Habari za leo, mnayo hii? Bei gani na iko stoku?" Mmoja akajibu "Ipo" na bei. Wa pili akajibu neno moja tu, "Namba?" Wa tatu kimya. Mimi nikamfuata aliyesema ipo, akanitumia profoma, ile hati ya bei inayotolewa kabla ya kulipa, imeandikwa "Beringi, 2", nikalipa, mzigo ukaja kesho yake.

Fundi kajaribu kwenye shafti, imeingia vizuri kabisa, akafurahi, mimi pia nikafurahi. Halafu anataka kufunga kifuniko cha mota, beringi haiingii kwenye tundu lake. Si kwamba imebana kidogo ya kugonga na nyundo ya mbao, hapana, ilikuwa kubwa kwa sentimita nzima. Tukasoma namba: 6305. Na muuzaji nikimlaumu nitakuwa namwonea, kwa sababu kwenye picha yangu ilikuwa inasomeka 6, halafu doa la kutu, halafu 05-2RS, na hiyo 2RS ni alama ya sili za raba pande zote mbili. Yeye kajaza lile pengo na alichokuwa nacho stoo. Namba yenyewe mimi sikuitaja popote, na profoma iliyosema "Beringi, 2" niliikubali mwenyewe.

Sasa hapa ndipo penye utamu wa hii kesi, yaani kwa nini shafti ilidanganya. Beringi za gololi za kawaida zina namba ambayo tarakimu mbili za mwisho zinakwambia tundu la ndani. Kuanzia 04 kwenda juu unazidisha kwa 5, kwa hiyo 04 ni milimita 20, 05 ni milimita 25, 06 ni milimita 30. Tarakimu ya pili ndiyo inayosema beringi imeshiba kiasi gani kwa nje. 6005 ni tundu 25, nje 47, unene 12. 6205 ni tundu 25, nje 52, unene 15. 6305 ni tundu 25, nje 62, unene 17. Zote tatu zinaingia kwenye shafti moja! Na tarakimu iliyofutika kwenye beringi yetu ilikuwa ni hiyo hiyo ya pili, ile pekee inayozitenganisha. Kwa hiyo fundi kupima kwenye shafti hakukuthibitisha chochote ambacho hatukukijua tayari kwenye 05.

Jioni ile nilirudi kwenye ile picha ya kwanza nikaiangalia upya, maana nilikuwa nataka kujua kama jibu lilikuwepo muda wote. Lilikuwepo. Picha haina kipimo, hujui kama unaangalia kitu cha ukubwa wa sarafu au wa sahani, lakini picha ina uwiano, na uwiano haubadiliki ukivuta picha au ukiipunguza. Niliweka rula juu ya skrini ya kompyuta, nikapima duara la nje milimita 104, duara la tundu milimita 50. Ukigawanya unapata 2.08. Sasa chukua zile tatu: 47 kwa 25 ni 1.88, 52 kwa 25 ni 2.08, na 62 kwa 25 ni 2.48. Imetua palepale kwenye 6205. Ile 6305 ingeonekana nene, chuma kingi kuzunguka tundu dogo, na ukishazoea hata bila rula unaiona.

Ila nisikuache ukaamini huu ujanja kupita kiasi, una mwisho wake. 6206 ni tundu 30 na nje 62, uwiano wake 2.07, yaani kwenye picha huwezi kuitofautisha na 6205 hata kidogo, ni pacha mkubwa na pacha mdogo. Sisi ilitusaidia kwa sababu 05 ilikuwa inasomeka, basi tundu lilikuwa linajulikana. Ingefutika ile tarakimu ya mwisho badala ya ya pili, uwiano peke yake usingetosha, hapo lazima uwe na kitu cha kipimo kwenye picha au upime kwa mkono. Pia picha ikipigwa kwa upande duara linakuwa yai, hapo pima ule urefu mrefu wa yai kwa maduara yote mawili. Na unene huwezi kuupata kabisa kwenye picha ya usoni, haupo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya pili nikampigia fundi. Nikamwambia kaka, naomba unifanyie vitu vichache kabla sijaandika mahali popote. Kwanza futa ile beringi na petroli kidogo, kausha, halafu sugua chaki juu ya maandishi na uifute kwa kidole, ile poda inabaki kwenye mikwaruzo ya herufi. Pili zima flashi. Flashi inapiga moja kwa moja na chuma kinairudisha yote, ndiyo maana katikati pale pamekuwa peupe, washa tochi ya simu nyingine ishikwe pembeni karibu na usawa wa meza ili herufi zitoe kivuli. Tatu piga pande zote mbili za beringi, kwa sababu mara nyingine upande mmoja una namba na mwingine una alama nyingine. Nne weka rula, lakini isilale mezani wakati uso wa beringi uko juu yake milimita kumi na tano, inyanyue na kitu ilingane na uso wa beringi, la sivyo rula inakuwa mbali zaidi na kamera na kipimo kinadanganya. Simama mbali kidogo uvute zumu badala ya kusogeza simu puani. Na picha usizitume kama picha, zitume kama dokumenti, Watsapu inakamua picha na vinavyokufa kwanza ni hivyo viherufi vidogo.

Halafu nikamuuliza swali ambalo nilitakiwa kumuuliza usiku ule wa kwanza: ulisema mbili, je ya nyuma umeiona? Kimya kidogo. "Bosi sijafungua nyuma, ila si zinafanana?" Hapana, hazifanani lazima. Mota ina beringi ya upande wa mzigo, pale pampu ilipofungwa, na ya upande wa feni, na ya upande wa mzigo inabeba zaidi kwa hiyo mota nyingi zinaweka kubwa mbele na ndogo nyuma. Nyingine zinaweka sawa pande zote. Picha moja ya beringi moja haiwezi kukwambia, na neno "mbili" la fundi lilikuwa ni makisio yaliyovaa nguo ya oda.

Akafungua. Ya nyuma ilikuwa 6204-2RS C3, namba nzima inasomeka vizuri, kaipima kwa vernia: ndani 20, nje 47, unene 14. Ya mbele, ile yetu, vernia ikatoa 25, 52, 15. Na kwa mambo haya hata rula ya shule ingetosha, kwa sababu hizi beringi zinapishana kwa milimita tano na kumi, si kwa nywele. Chaki nayo haikurudisha ile tarakimu iliyoliwa na kutu, wala kile kilichokuwa kimeandikwa baada ya 2RS, ilionekana tu kwamba kuna alama pale.

Sasa hiyo C3 naomba niikalie kidogo maana ndiyo kitu ambacho picha haitakuonyesha kamwe na vernia pia haitakuonyesha. Ni uwazi wa ndani, nafasi iliyopo kati ya gololi na njia zake. Kwa beringi ya tundu la 25, uwazi wa kawaida ni mikroni 5 hadi 20, na C3 ni mikroni 13 hadi 28. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, vernia ya fundi inaishia kwenye sehemu mbili au tano za mia za milimita, haifiki huko. Mota ikifanya kazi shafti inapata moto, pete ya ndani inavimba kuliko ya nje ambayo imeshikana na kifuniko kinachopoa, nafasi inapungua. Ukiweka ya kawaida mahali palipopangiwa C3 itazunguka vizuri tu siku ya kwanza mkononi na hata kwenye mota, halafu ikishika joto inabana, inazidi kupata moto, grisi inakauka, na baada ya muda unapata picha nyingine saa tatu usiku. Beringi mbili zinazofanana kama maji na maji, tofauti pekee ni herufi moja na tarakimu moja pembeni ya namba.

Kwa hiyo C3 ya mbele haikusomeka, lakini ya nyuma kwenye mota hiyo hiyo ni C3. Hii ni sababu nzuri ya kuamini kwamba ya mbele nayo ni C3, ila bado ni kuamini, si kusoma. Na hapa ndipo nilipokaa chini nikaandika barua kwa namna ambayo nadhani ndiyo uti wa mgongo wa barua yoyote ya namna hii: kilichosomwa kikae peke yake, kilichopimwa peke yake, na tunachodhani kisemwe wazi kwamba tunadhani. Ukivichanganya, muuzaji hajui ni kipi akikatae na kipi akirekebishe. Ukimwandikia "6205-2RS C3" kavu kavu anaona umeshajua, hatakuuliza. Ukimtumia picha tupu anajaza mwenyewe. Ukimwonyesha mpaka wa ujuzi wako uko wapi, na yeye ambaye anaona beringi mia kwa siku, anaweza kukukamata kabla hela haijatoka.

Barua yenyewe hii hapa, nimeondoa majina tu:

Kwa: Idara ya Mauzo
Yah: Kuomba bei na hali ya stoku, beringi 6205 (1) na 6204 (1), za mota ya pampu

Habari za kazi,

Tunahitaji beringi mbili za gololi kwa ajili ya mota moja ya umeme inayoendesha pampu ya maji, mizunguko 2,900 kwa dakika. Picha nne zimeambatanishwa, zimepewa majina mbele-1, mbele-2, nyuma-1 na nyuma-2.

Beringi ya mbele (upande wa pampu), kipande 1. Kilichosomeka: 6?05-2RS, tarakimu ya pili imeliwa na kutu, na alama zilizofuata baada ya 2RS hazisomeki. Tulichopima kwa vernia: ndani 25 mm, nje 52 mm, unene 15 mm. Tunavyoamini: 6205-2RS C3. C3 tumeichukua kutoka kwenye beringi ya nyuma ya mota hiyo hiyo, hatukuisoma kwenye hii.

Beringi ya nyuma (upande wa feni), kipande 1. Kilichosomeka: 6204-2RS C3, yote. Tulichopima: ndani 20 mm, nje 47 mm, unene 14 mm.

Mkiona kwenye picha au vipimo jambo lisilolingana na namba hizi, naomba mtuambie kabla ya kutoa bei.

Mbadala tunaoukubali: herufi tofauti za watengenezaji tofauti zenye maana hiyo hiyo ya sili za raba zinazogusa pande zote mbili, mfano DDU, LLU au 2RSR. Sili za chuma (ZZ au 2Z) tunaweza kuzikubali kwa ya nyuma tu, mtutajie bei yake pembeni. Isiyo na C3 hatuihitaji kwa zote mbili.

Kwa kila beringi naomba mtujibu: namba kamili kama ilivyoandikwa kwenye beringi na jina la mtengenezaji, vipande vingapi viko kwenye rafu yenu leo, kama havipo, ni siku ngapi kuanzia tukilipa, bei ya kipande kimoja, kodi ikiwa imo au haimo, gharama ya usafirishaji pembeni, na bei hiyo inasimama hadi tarehe gani.

Naomba pia picha ya boksi na ya beringi yenyewe, namba ionekane, na kwamba namba kamili iandikwe kwenye mstari wa profoma.

Pampu imesimama, tutafanya uamuzi leo saa kumi jioni kwa majibu tutakayokuwa nayo.

Asanteni.

Imeisha hapo. Watu wengine wataiona ndefu, mimi naona kila mstari una mtu aliyeumia nyuma yake.

Chukua ule mstari wa stoku. "Ipo" kwa muuzaji ina maana nyingi sana na yeye hadanganyi kwenye yoyote. Inaweza kuwa ipo mbele yake, ipo kwenye tawi lingine, ipo kwa jamaa yake anayemchukulia mzigo, ipo kwenye mfumo wa kompyuta lakini ile ya mwisho iliuzwa asubuhi na bado haijatolewa, au tunaiuza kwa kawaida. Ukiuliza "iko stoku?" unapata ndiyo au hapana. Ukiuliza vipande vingapi viko kwenye rafu leo, mtu inabidi ainuke akaangalie, na akishainuka anasoma namba kwenye boksi, na huko kusoma namba ndiko unakokuhitaji. Hilo la siku kuanzia tukilipa nalo lina sababu, maana ukisema tu "mtaleta lini" wanaanza kuhesabu kutoka mzigo unapopatikana huko waliko.

Ule mstari wa mbadala niliuandika mara tatu. Nilipousahau zamani wauzaji walikuwa wanafanya moja kati ya mawili, ama wanasema hakuna kwa sababu wao wana DDU na mimi nimeomba 2RS, wakati ni kitu kile kile kwa majina ya viwanda viwili, ama wanaleta ZZ kimyakimya kwa sababu "zinafanana". Hazifanani kazi. ZZ ni kibati cha chuma ambacho hakigusi pete ya ndani, kinazuia uchafu mkubwa lakini unyevu unapita. Ile ya raba inagusa, inazuia maji yanayotiririka kidogo kidogo kutoka kwenye sili ya pampu, na upande wa pampu ndiko hayo maji yalikoozesha ile ya kwanza, kutu ilituonyesha. Raba inaleta msuguano kidogo na kupunguza kasi ya juu inayoruhusiwa ila kwa 2,900 uko mbali na mpaka wake. Na kuwa makini, kuna raba zisizogusa pia, VV na LLB ni hizo, kwenye picha zinaonekana sawa kabisa na zinazogusa, ndiyo maana nilitaja herufi badala ya kusema "za raba". Rangi ya sili wala usiitegemee, nyeusi, nyekundu, buluu, haikwambii inagusa au haigusi.

Na lile ombi la picha ya boksi na beringi pamoja. Boksi linasema kitu, pete inasema kitu, na vikipishana amini pete. Boksi za zamani zinatumika tena, beringi zinarudishwa kwenye boksi lisilo lake na mtu aliyekuwa na haraka. Halafu profoma yenye namba kamili ndiyo inayokupa haki ya kurudisha mzigo. Ile yetu ya kwanza iliandikwa "Beringi, 2" na alichotuletea ni beringi, mbili. Alitimiza.

Majibu yalianza kuja kabla ya saa saba mchana. Yule wa kwanza, aliyetuuzia 6305, akajibu kwa adabu sana kwamba ana 6205-2RS na 6204-2RS, tatu tatu kwenye rafu, lakini kaangalia pete hazina C3, kasema wazi. Hapo nilimheshimu, na nikajua swali limefanya kazi yake, kwa sababu siku mbili kabla mtu huyo huyo angeniambia ipo. Wa pili, yule wa "Namba?", akaja na 6205-DDU C3, kipande 1 kwenye rafu, na 6204-DDU C3 hakuna, siku tano kuanzia malipo. Picha zake zilikuja vizuri, pete inasomeka. Wa tatu aliyekuwa kimya mara ya kwanza safari hii akajibu, ana 6204-ZZ C3 vipande 4 leo, na 6205-ZZ C3 pia, bei nafuu kuliko wote, na akashauri tuchukue zote mbili kwake ili usafiri uwe mmoja.

Ushauri wake ulikuwa mzuri kwa pesa, na kama barua isingekuwa imeshaamua mbele kwamba ZZ ni ya nyuma tu ningeshawishika, kwa sababu saa ile una presha, pampu imelala, mtu ana kila kitu mkononi. Nikampigia fundi tukaongea kuhusu ile ya nyuma, nikamuuliza huko kwenye feni pana maji? Akasema hapana, mota iko chini ya paa, maji yote yanatokea mbele. Basi ya nyuma ZZ ikatosha bila kusubiri siku tano, na ya mbele tukachukua DDU C3 kwa yule wa pili, hiyo moja aliyonayo, nikamwomba aitoe kwenye rafu aiweke pembeni kwa jina letu hadi saa kumi, akakubali na akaandika kwenye profoma.

Wauzaji wawili, usafiri mara mbili, ikawa ghali kidogo kuliko kuchukua sehemu moja. Mzigo ulipofika sikuupeleka kwa fundi moja kwa moja. Niliufungua mwenyewe, nikasoma pete ya kwanza: 6205, DDU, C3. Ya pili: 6204, ZZ, C3. Nikashika vernia, 52 na 47. Ndipo nikampa, naye kaipeleka ile ya mbele kwanza kwenye tundu la kifuniko kabla hata ya kuigusisha kwenye shafti.

Ile 6305 mbili tulirudisha moja, nyingine boksi lilishachanika hakuipokea. Iko kwenye droo yangu, na kikaratasi kimebandikwa: tundu 25, nje 62, unene 17.